Ngonjera ya Siku ya Chanjo: Mwongozo kwa Atakayeitunga Malolo

Umeombwa shairi. Pengine wewe ni mwalimu wa darasa la sita, pengine ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na nesi amekwambia kwamba wiki ijayo huduma ya mkoba itafika na watoto wa shule waghani chochote kuhusu chanjo. Usiku unachukua daftari na mstari wa kwanza unaokujia ni huu: "Chanjo ni muhimu sana, kwa afya ya watoto wetu."

Hesabu mizani yake. Cha-njo-ni-mu-hi-mu-sa-na: nane. Kwa-a-fya-ya-wa-to-to-we-tu: tisa. Kipande cha pili kimezidi kwa moja, na hilo ungelirekebisha kwa dakika moja. Ubovu wenyewe uko kwingine. Mama aliyeacha kumpeleka mwanawe kliniki ameshausikia mstari huo mara nyingi tangu akiwa mjamzito, na haukumrudisha. Anajua chanjo ni muhimu. Kinachomweka nyumbani ni kitu kingine, na shairi lisilokijua kitu hicho litapigiwa makofi, kisha watu wataondoka kama walivyokuja.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, kakae na nesi nusu saa na rejista yake. Usimwombe majina, maana hayo si yako. Mwombe akuonyeshe watoto wanakatikia wapi. Ratiba ya chanjo ya mtoto nchini mwetu ina vituo sita vinavyokumbukika: anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9 na miezi 18. Penye pengo ndipo penye hoja ya shairi lako. Wakipungua kati ya wiki ya 6 na ya 10, mara nyingi ni kwa sababu mtoto alichemka usiku baada ya sindano ya kwanza na mama akaogopa. Wakipungua miezi 18, ni kwa sababu wengi wanaamini kadi iliisha kwenye surua ya miezi 9. Na upande huu wa Ruangwa na Nachingwea kuna sababu ya tatu, ambayo haihusiani na hofu hata kidogo: familia imehamia shamba. Ufuta ukikomaa au korosho zikianza kudondoka, nyumba ya kijijini inafungwa, na mtoto analala kwenye kibanda cha shamba, mwendo wa saa nzima kutoka kwenye mizani ya nesi.

Sababu hizi tatu hazijibiwi kwa beti zilezile. Chagua moja. Mimi hapa nitachukua ile ya kwanza, ya homa ya usiku, kwa kuwa ndiyo inayohitaji ushairi zaidi. Ya shamba inahitaji tarehe nzuri kuliko mashairi.

Umbo ninalokushauri ni ngonjera, shairi la majibizano. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeipa aina hii jina na umaarufu, na baada ya Azimio la Arusha ngonjera zikawa chombo cha kufundishia siasa nchi nzima. Ngonjera nyingi za wakati ule zilikuwa na tabia moja: yupo mjinga anayeuliza na yupo mwerevu anayejibu, na mwisho mjinga anakiri ujinga wake mbele ya watu. Umbo lichukue, tabia hiyo iache. Mama mwenye shaka akisimamishwa kama mjinga, kila mama mwenye shaka pale uwanjani anajiona yeye ndiye anayechekwa.

Hili nililijifunza kwa aibu. Miaka ya nyuma, katika kijiji kimoja cha huku kusini ambacho sitakitaja, niliandika ubeti ulioishia na maneno "mzazi asiyechanja ni adui wa mtoto". Vina vilikaa, mizani ikakaa, mwenyekiti akafurahi. Binti mmoja aliyekuwa amesimama nyuma, mtoto mgongoni, alijitanda kanga vizuri na kuondoka kabla ya ubeti uliofuata. Alikuwa ametembea mpaka pale. Mtu aliyekuja mwenyewe nilimfukuza kwa kina kimoja.

Basi mpe mwenye shaka ubeti wa kwanza, na umpe ubeti mzuri. Aseme lake lote, bila dhihaka, kwa maneno ambayo angeyasema jikoni kwake. Huu ni mfano nilioutunga kwa ajili yako, sauti ni ya Mama:

Alichomwa juzi paja, usiku akawa moto,
Kulikucha namngoja, anyonye wangu mtoto,
Mwanitaka tena kuja, na kwangu jambo ni zito,
Nielezeni kwa hoja, nielewe bila fito.

Angalia ulivyojengwa. Kila mstari una mizani 16, nane kwa nane. Kina cha kati ni "ja" na cha mwisho ni "to". "Mtoto" ni mizani tatu, m-to-to, kwa sababu ile "m" inatamkwa peke yake, na "namngoja" ni nne, na-m-ngo-ja. Wanafunzi hukosea hapo, wanaimeza "m" na mstari unachechemea. Lakini zaidi ya hesabu, tazama kilichomo: paja, usiku, kungoja anyonye. Mama aliyekesha na mtoto mwenye homa atautambua usiku ule. Na mstari wa mwisho unaomba kuelezwa bila kuchapwa fito, yaani bila karipio. Huyo mama ndiye anayeweka masharti ya mazungumzo, na ngonjera nzima lazima iyatii.

Sasa ni nani amjibu? Wengi watakuambia nesi. Mimi nasema nesi asighani kabisa. Ana kazi ya kufanya mezani, na akisimama kujibu, yanakuwa maneno ya serikali kwa raia. Katika nyumba za Wamwera, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, neno la bibi mzaa mama na la mjomba lina uzito ambao koti jeupe halina. Mara nyingi bibi ndiye aliyesema "usimrudishe kule" usiku ule wa homa. Basi yeye awe sauti ya pili. Kama kuna bibi wa kweli kijijini aliye tayari kughani, mbembeleze. Akikataa, mpe mwanafunzi mwenye sauti nzito, lakini asivae kilemba cha kuchekesha wala kutembea kama kikongwe. Watu wakishaanza kucheka hutawarudisha.

Bibi anajibu:

Nami moto niliona, hukoma siku ya pili,
Ni mwili wafundwa, mwana, umtambue katili,
Mnyonyeshe sana sana, nguo nzito weka mbali,
Ukizidi, njoo nena, usingoje hali kali.

Bibi hakatai kwamba homa ilikuwepo. Hapo ndipo mashairi mengi ya chanjo yanapojiharibia: yanasema chanjo haina shida yoyote, na mama aliyeshika mwili wa mwanawe ukiwa kaa la moto anajua anadanganywa. Akidanganywa kwa hilo, hatakuamini kwa jingine. Ukweli ni kwamba sindano ya wiki ya 6, ile inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na ugonjwa wa Hib kwa pamoja, huweza kuleta homa, paja kuvimba kidogo na mtoto kulialia. Kwa kawaida huanza siku hiyohiyo na kwisha ndani ya siku moja au mbili. Anyonyeshwe mara kwa mara, apunguziwe nguo. Akipatwa na degedege, akilia saa nyingi bila kubembelezeka, akishindwa kunyonya au homa ikivuka siku ya pili, apelekwe zahanati siku hiyo.

Neno "wafundwa" nimelichagua baada ya kutupa jingine. Mwanzoni nilitaka salfa. Kila mkulima wa korosho hapa anajua kwamba salfa hupulizwa kabla ubwiri unga haujashika maua, na kwamba mara moja haitoshi. Mfano unaingia vizuri, kinga kabla ya ugonjwa, tena kwa awamu. Niliujaribu kwa mama mmoja jirani. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mnampulizia mwanangu dawa?" Salfa inawasha macho, mpulizaji hujifunga kitambaa usoni. Mfano wangu ulikuwa umebeba sumu ndani yake, nami sikuiona kwa kuwa nilikuwa nimetazama ratiba tu.

Kufundwa ni karibu zaidi na ukweli. Chanjo inaingiza mwilini sehemu ya kijidudu, au kijidudu kilichouawa au kudhoofishwa, ili mwili ukijue kabla hakijaja chenyewe kwa nguvu zake zote. Ni kazi ya kungwi: mwali anafunzwa mambo kabla hayajamfika. Na hakuna anayefundwa kwa neno moja. Hapo unapata jibu la swali la mama mwingine, "mbona mnamchoma tena?", bila kutaja neno lolote la kitaalamu. Dozi ya kwanza inamtambulisha mgeni, zinazofuata zinamkaza mwanafunzi asisahau. Ishia hapo kwenye mfano. Nyimbo na siri za unyago zina wenyewe, usizipandishe jukwaani.

Sasa onyo ambalo nesi mzuri atakupa hata kama hukumwuliza. Ule mstari "hukoma siku ya pili" ni wa sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Usiuhamishie kwenye siku ya surua. Chanjo ya surua na rubela ina kijidudu hai kilichodhoofishwa, kinachukua muda kufanya kazi, na homa yake ikitokea huja baada ya wiki moja hivi au zaidi, pengine na vipele vichache, kisha hupoa yenyewe. Mama aliyeimbiwa kwamba homa ni ya siku mbili za mwanzo, halafu mtoto akachemka siku ya nane, atasema ama mlimdanganya ama mtoto ameambukizwa surua. Na BCG, ya kifua kikuu, ina mwendo wake tofauti kabisa: kidonda kidogo begani wiki chache baadaye, ambacho hakikamuliwi wala kupakwa kitu, kinakauka na kuacha kovu. Chanjo tatu, tabia tatu. Shairi lako liwe na chanjo moja, au kila chanjo ipewe ubeti wake.

Kovu hilo nakuachia kama zawadi, kwa sababu linajibu jambo zito zaidi. Karibu kila mahali Afrika Mashariki utasikia mnong'ono kwamba chanjo zinafunga uzazi. Kanuni yangu ni kutolitaja mahali ambapo halijasemwa, kwani ubeti unaokanusha uvumi huwafikishia uvumi wale ambao hawakuwa nao, na vina vinaufanya ukae kichwani. Hata likiwa linasemwa kijijini, usilitamke. Weka jibu peke yake, kitu cha kushikika. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975. Maana yake akina mama wengi wanaobeba watoto leo, nao walichanjwa wakiwa wachanga, na wengi wao kovu wanalo. Bibi anamwambia binti yake:

Jishike hapo begani, bado lipo lile kovu,
Ulikuwa mgongoni, njia ndefu na uchovu,
Leo yuko mikononi, umezaa mwenye nguvu,
Nilikuwa mashakani, haikuwa upumbavu.

Akifika kwenye "jishike", mghani na ajishike bega kweli, halafu anyamaze kidogo. Utaona mikono ya akina mama ikienda mabegani. Wasio na kovu wapo, maana si kila aliyechanjwa BCG hubaki nalo, kwa hiyo usiongeze mstari wa kudai kwamba asiye nalo hakuchanjwa. Mstari wa mwisho ndio moyo wa ngonjera yote: bibi naye aliwahi kuingiwa na shaka kama Mama, akaja, na shaka yake haikuwa upumbavu. Mstari huo usiuondoe hata ukibadilisha mengine yote.

Usiongeze ubeti wa kutisha. Najua inavutia kuchora mtoto aliyepooza kwa polio au aliyepofuka kwa surua. Wazee wanaoikumbuka surua ya zamani wanaweza kulisema hilo wenyewe wakiulizwa, na wakilisema wao linatosha. Kwa mama aliyekwisha kuogopa, hofu ya pili haimwondolei ya kwanza. Anabaki na mbili.

Kinachobaki ni ubeti wa mwisho, ambao watunzi wengi huudharau. Ni ubeti wa siku, saa, mahali na kadi. Huu ndio nataka watoto waurudie wakienda kuchota maji:

Jumatano saa mbili, tukutaneni mwembeni,
Kadi beba, tafadhali, iliyomo sandukuni,
Huna kadi? Si ajali, njoo, usirudi ndani,
Na walio kule mbali, waleteni wa shambani.

Mstari wa tatu una kazi maalumu. Wapo akina mama ambao kadi imeliwa na panya, imelowa, au imebaki kwa baba mkwe, na wanaogopa kufokewa kuliko wanavyoogopa sindano. Nenda na ubeti huu kwa nesi kabla ya siku, akubali mbele yako kwamba asiye na kadi atapokewa, atafutwe kwenye rejista au aandikiwe nyingine. Asipokubali, futa mstari. Usimtume mama kwenye ahadi isiyo yako. Mwulize pia kuhusu waliochelewa. Jibu sahihi ni kwamba mtoto aliyeruka dozi haanzi upya, anaendelea pale alipoachia. Wengi hawaji tena kwa kudhani watarudishwa mwanzo, kwa hiyo mshereheshaji alitaje hilo kwa maneno ya kawaida mara ngonjera inapoisha.

Na saa uiweke asubuhi, kwa sababu iliyo ndani ya boksi la baridi. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selisiasi, na boksi hilo lina vipande vya barafu tu, halina umeme. Zaidi ya hapo, kichupa cha surua kwa kawaida ni cha watoto 10, na kikishachanganywa na maji yake hakifai kupita saa 6, kinachobaki kinamwagwa. Akija mtoto mmoja saa nne, mwingine saa saba, nesi anabaki ameshika kichupa akijiuliza akifungue au asikifungue. Wanatakiwa kumfungulia hata mmoja, lakini kila nesi ni binadamu na anawaza hesabu ya mwisho wa mwezi. Watoto wakija pamoja, hilo linaondoka lenyewe.

Mpango wa siku yenyewe haupaswi kukusumbua. Beti tano au sita zinatosha, zisizidi dakika tano. Zighaniwe wakati akina mama wamekaa wakisubiri zamu ya mizani, si baada ya hotuba za viongozi, kwani muda huo watoto wameanza kulia na jua limepanda. Kipaza sauti kikiwepo, kisisomewe majina ya wasiokuja. Baada ya sindano mama huombwa kukaa kama nusu saa ili mtoto aangaliwe. Hapo bibi aliyeghani akae nao kwenye jamvi bila daftari. Maswali ambayo hayakuulizwa mbele ya watu yataulizwa hapo.

Siku mbili kabla, jaribu ngonjera kwa mtu mmoja tu: mama ambaye ameacha kuja, kama utampata na akikubali kukusikiliza. Usimwulize kama ameipenda, atakuambia nzuri, mwalimu. Mwulize, "Yule mama wa kwanza alikuwa anaogopa nini?" Akikujibu kwa maneno yake mwenyewe, ubeti umefika. Akikujibu "alikuwa hajui umuhimu wa chanjo", rudi nyumbani ukaandike upya, maana amesikia lile shairi la zamani ndani ya lako.

Mwezi ujao siku ikibadilika, tazama mizani kabla ya kubadilisha jina la siku. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi zote ni nne na zinaingia bila taabu. Alhamisi ni tano, a-l-ha-mi-si, kwa hiyo "Alhamisi saa mbili" inazidi kwa moja. Kama mkoba wenu huja Alhamisi ya pili ya mwezi, mstari uwe hivi:

Alhamisi ya pili, saa mbili, uwanjani.